Kifuniko Kinachofuata Ukurasa: Kuficha Taarifa za Raia katika Video za Mafunzo



Somo la toleo hili linawahusu hasa maofisa wa dawati la polisi jamii, makarani wa vituo, na wenyeviti wa LC1 wanaotusaidia kupokea malalamiko ya wananchi kwa barua pepe. Wengi wenu sasa mnatengeneza video fupi za kufundishana kazi: mnarekodi skrini ya kompyuta, mnaeleza kwa sauti, kisha mnasambaza kwa vituo vingine. Desturi hiyo ni njema, na hatutaki ikome. Lakini ina shimo moja ambalo sisi wenyewe tulitumbukia, na tunaona ni haki tulieleze wazi.

Miezi kadhaa iliyopita, kituo kimoja kilitutumia video ya dakika sita tuikague kabla haijasambazwa. Ilifundisha namna ya kuisoma barua pepe ya mlalamikaji, kutambua mahali, saa na aina ya kosa, kisha kuyaingiza katika daftari la malalamiko. Barua iliyotumika ilikuwa ya kweli. Mwandishi wake, mama mmoja wa kijijini, alikuwa ametaja boma ambamo ng'ombe wa wizi walifichwa. Karani aliyetengeneza video alikuwa mwangalifu: jina na namba ya simu ya mama yule vilifunikwa kwa visanduku vyeusi, na ukurasa uliposogezwa juu visanduku navyo vilisogea. Tuliitazama video mara mbili, hatukuona kosa, tukaipitisha.

Siku ya tatu mama yule alipiga simu kituoni. Alikuwa ametumiwa picha iliyokatwa kutoka katika video, na ndani yake namba yake ilisomeka yote. Ilimbidi aondoke nyumbani akakae kwa dada yake kwa wiki kadhaa. Mtu fulani alikuwa ameisimamisha video katikati ya kusogea kwa ukurasa, mahali ambapo kisanduku kilibaki nyuma kwa chini ya robo ya sekunde. Jicho letu halikuliona tukio hilo, lakini kidole cha mwenye nia mbaya kilitosha kulikamata.

Msomaji asidhani kwamba namba ya simu peke yake ni jambo dogo. Hapa Uganda, anayejaribu kutuma pesa kwa simu huonyeshwa jina la mpokeaji kabla ya kuthibitisha, kwa hiyo mwenye namba amekwisha kuwa karibu na jina.

Kwanza tuamue: kifuniko kitulie au kitembee?

Kabla ya kugusa programu yoyote ya kuhariri video, tujiulize taarifa za kufichwa zimekaaje kwenye skrini. Jibu ndilo litakalotuambia kama kazi itakuwa nyepesi au nzito.

Katika kikasha cha barua, majina ya waliotuma hukaa katika safu moja kutoka juu hadi chini. Tunaposogeza orodha, majina hupanda na kushuka, lakini safu yenyewe haiondoki mahali pake. Hapo hatuhitaji kifuniko kinachotembea. Mstari mmoja mpana, mweusi, uliosimama kutoka juu hadi chini ya safu, utafunika kila jina linalopita chini yake, hata tukisogeza orodha mara mia. Kifuniko kilichotulia hakiwezi kubaki nyuma, kwa kuwa hakiendi popote. Kinapofaa, tukitumie hicho.

Kifuniko kinachotembea tunakihitaji pale ambapo taarifa ya siri imezungukwa na maneno ambayo mwanafunzi lazima ayaone. Ndivyo ilivyokuwa katika video yetu. Namba ya mama ilikuwa katikati ya barua, na sentensi za juu na za chini yake ndizo zilizokuwa somo. Kufunika sehemu yote ya katikati kungeliua somo, na kufunika namba peke yake kulihitaji kisanduku kinachoifuata.

Kwa nini kisanduku kilibaki nyuma

Programu za kuhariri video husogeza kifuniko kwa kuwekewa alama katika wakati. Kwenye skrini alama hizo huandikwa “Keyframe”. Mhariri huweka alama ya kwanza mahali kifuniko kilipo kabla ya mwendo, na alama ya pili mahali kinapotakiwa kufika. Programu yenyewe hukisogeza kati ya alama hizo mbili, na ikiwa aina ya alama ni “Linear”, hukisogeza kwa hatua zilizo sawa.

Kosa lilizaliwa hapo. Gurudumu la kipanya linapozungushwa, kivinjari hakisogezi ukurasa kwa hatua sawa. Ukurasa huruka kwa kasi mwanzoni, kisha hupunguza mwendo hadi ukatulia. Kisanduku kilitembea kwa mwendo wa mtu anayehesabu hatua, na ukurasa ulitembea kwa mwendo wa mtu aliyesukumwa.

Tutazame vipimo vyenyewe. Video ilirekodiwa kwa fremu 30 kila sekunde. Namba ya simu ilikuwa na kimo cha pikseli 28, na kisanduku kiliachiwa ziada ya pikseli 10 juu na 10 chini, jumla 48. Ukurasa ulipanda pikseli 240 katika fremu 12. Kwa hatua sawa, kisanduku kilipanda pikseli 20 kwa kila fremu; kwenye fremu ya nne kilikuwa kimepanda 80. Lakini ukurasa, kwa ile kasi ya mwanzo, ulikuwa umekwisha kupanda kama pikseli 133. Tofauti ni pikseli 53, na kisanduku chenye ziada ya 10 hakiwezi kuziba pengo la 53. Namba ilikuwa nje, juu ya kisanduku, nzima kabisa.

Tulipohesabu fremu moja moja, tulikuta namba ikisomeka yote katika fremu saba mfululizo. Mwanzoni na mwishoni mwa mwendo kisanduku na namba vilikutana tena, na ndiyo sababu mtazamaji wa kawaida hakugundua lolote: alikiona kisanduku mahali pake kabla ya mwendo, akakiona tena mahali pake baada ya mwendo.

Kifuniko kitangulie, na kichelewe kuondoka

Dawa ya kwanza inayokuja akilini ni kuweka alama katika kila fremu ya mwendo. Inafanya kazi, lakini kwa mwendo mmoja wa fremu 12 tunahitaji alama 13, na video ya dakika sita huwa na miendo mingi. Mchoko huzaa makosa, na kosa moja linatosha kuharibu kazi yote.

Dawa tunayoipendekeza ni nyingine. Badala ya kukimbizana na namba, tufunike njia yote itakayopita. Muda mfupi kabla ukurasa haujaanza kusogea, kisanduku kirefuke ghafla kutoka mahali namba ilipo hadi mahali itakapotua. Kikae hivyo, bila kutembea, mpaka ukurasa utulie. Kisha kirudi kuwa kidogo, mahali papya. Kwa kuwa ukurasa uko katika mwendo, hakuna mwanafunzi anayesoma wakati huo, kwa hiyo hapotezi chochote. Na kwa kuwa kisanduku hakitembei, hakuna mashindano ya mwendo ya kushindwa.

Tutumie mfano uleule, katika programu ya Shotcut, ambayo hupatikana bila malipo kwa kompyuta za aina zote za kawaida. Vipimo tunavihesabu kutoka ukingo wa juu wa skrini.

Namba ilikuwa kati ya pikseli 760 na 788. Baada ya mwendo ilitua kati ya 520 na 548. Mwendo ulianza kwenye sekunde ya 43, yaani fremu ya 1290, na kuisha kwenye fremu ya 1302.

Hatua ya kwanza, tunafungua “Open Other”, tunachagua “Color”, tunachukua rangi nyeusi isiyopenyeka, na kuiweka katika mstari wa V2, juu ya video yenyewe. Kipande hicho cha rangi kienee wakati wote ambao namba iko kwenye skrini.

Hatua ya pili, tunakipa kipande hicho kichujio cha “Size, Position & Rotate”, na katika aina za ukubwa tunachagua “Distort”. Tukisahau hilo, programu itang'ang'ania kulinda uwiano wa skrini, na kisanduku hakitakubali umbo tunalolitaka.

Hatua ya tatu, tunabonyeza picha ya saa iliyo kando ya “Position” na kuweka alama tatu, zote za aina ya “Hold”, ambayo maana yake ni kwamba kisanduku hukaa palepale hadi alama inayofuata. Alama ya kwanza iko mwanzo kabisa wa kipande: juu 750, kimo 48. Ya pili iko kwenye fremu ya 1289, fremu moja kabla ya mwendo: juu 510, kimo 288. Ya tatu iko kwenye fremu ya 1303, fremu moja baada ya mwendo: juu 510, kimo 48. Upana wa kisanduku haubadiliki.

Basi. Alama tatu zimefanya kazi ya kumi na tatu, na kwa usalama zaidi. Ukurasa ukisogezwa tena, tunaongeza alama mbili nyingine kwa kanuni ileile: kurefuka kabla, kufupika baada.

Kuna mambo mawili ya kuangaliwa. La kwanza ni mahali taarifa inapoingilia. Namba haianzi kuwepo pale tunapoitaja kwa sauti. Huenda ilichungulia chini ya skrini sekunde kadhaa kabla. Turudi nyuma fremu kwa fremu hadi tuione ya kwanza kabisa, hata ikiwa ni nusu ya tarakimu, na kifuniko kianzie hapo. La pili ni mwendo wa video yenyewe. Rekodi nyingi za skrini hazina idadi moja ya fremu kwa kila sekunde. Hupungua na kuongezeka. Alama zilizowekwa kwa makini huweza kuhama mahali pake video inapohifadhiwa. Shotcut ikitutahadharisha kuhusu jambo hilo na kutuomba kubadili faili kabla ya kuhariri, tukubali, na tuhifadhi kazi kwa idadi ileile ya fremu tuliyohariri nayo.

Zipo programu zinazodai kufuata kitu zenyewe bila alama. Kwa uso wa mtu au gari barabarani husaidia. Kwa maandishi ya skrini tusiziamini peke yake, kwa sababu mistari ya maandishi hufanana, na programu huweza kuushika mstari wa jirani ikidhani ndio uleule.

Rangi nzito, si ukungu

Wengi hupenda kutumia ukungu au vigae, kwa kuwa huonekana nadhifu kuliko kisanduku cheusi. Kwa namba na majina, tusifanye hivyo. Ukungu na vigae haviondoi taarifa. Huichanganya tu kwa kanuni inayojulikana. Tarakimu ni kumi pekee. Anayetaka kujua huchora tarakimu zote kumi kwa mwandiko uleule, akazipitisha kwenye vigae vilevile, kisha akalinganisha. Tangu 2020 ipo programu ya wazi iitwayo Depix, iliyoandikwa kuonyesha kwamba maandishi yaliyofichwa kwa vigae huweza kurudishwa.

Ukurasa unaosogea huzidisha hatari hiyo. Namba ikiwa imetulia, mchunguzi ana picha moja tu ya vigae. Ikisogea, kila fremu humpa picha nyingine, iliyokatwa mahali tofauti kidogo. Ni sawa na kumruhusu mtu achungulie chumba kupitia matundu kumi badala ya moja.

Tufunike pia kitu kizima, tusiache mkia. Wapo wanaoacha herufi chache za mwanzo za NIN ili mwanafunzi aitambue. Lakini mwanzo wa NIN ndio unaobeba jinsia na mwaka wa kuzaliwa wa mwenyewe. Katika kijiji chenye nyumba hamsini, hayo mawili yanatosha kumtambua mtu.

Taarifa zisizosogea na ukurasa

Tukishughulika sana na kinachosogea, tunaweza kusahau kilichotulia. Barua ikifunguliwa, kichwa chake, ambacho mara nyingi ni jina la mwandishi au kisa chake, huandikwa pia kwenye kichupo cha juu cha kivinjari. Hapo hakisogei hata ukurasa ukifika mwisho. Kishale kikipita juu ya jina, kikadirisha kidogo chenye anwani nzima ya barua pepe huweza kufunguka na kufungika. Na barua mpya ikiingia wakati tunarekodi, ilani hujitokeza pembeni ikiwa na jina la mtu ambaye hahusiani kabisa na somo.

Kichupo tukifunike kwa kisanduku kilichotulia kwa video nzima. Ilani tuzizime kabla ya kurekodi. Kishale tukiweke mbali na majina. Na ulimi wetu nao tuuangalie: katika video moja tuliyoikagua, kisanduku kilifunika jina vizuri, na msimulizi akalisoma kwa sauti.

Kuhakiki kwa fremu, si kwa mtazamo

Kutazama video kwa mwendo wake wa kawaida si uhakiki. Tulifanya hivyo mara mbili na fremu saba zikatupita. Uhakiki hufanywa kwenye faili lililokwisha kuhifadhiwa, lile hasa litakalosambazwa, kwa kusogea fremu moja moja. Katika Shotcut tunalifungua faili hilo na kutumia vitufe vya mshale wa kushoto na wa kulia.

Mwenye kuweza kutumia amri anaweza kuzitoa fremu zote za mwendo kama picha na kuzitazama kwa pamoja. Kwa mfano wetu, sekunde tatu kuanzia ya 42 hutoa picha 90:

```
ffmpeg -ss 42 -i somo.mp4 -t 3 fremu-%04d.png
```

Mhakiki asiwe yule aliyehariri. Aliyehariri anajua kisanduku kiko wapi, na jicho lake huenda kwenye kisanduku. Mhakiki mpya apewe orodha ya vitu vya kutafuta: jina, namba ya simu, NIN, anwani ya barua pepe, jina la kijiji. Kazi yake ni kujaribu kuvipata. Asipovipata, video ipite. Picha hizo za uhakiki zifutwe baada ya kazi, na rekodi ya kwanza, ambayo haina vifuniko, isizungushwe katika makundi ya simu kwa kisingizio cha kuomba maoni.

Ikivuja

Ibara ya 27 ya Katiba ya 1995 inalinda faragha ya mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inamtaka anayetunza taarifa za watu kuiarifu mamlaka mara moja pale zinapofikiwa na wasiostahili. Kwa hiyo ofisi isikae kimya ikitumaini kwamba hakuna aliyeona. Video iondolewe, mamlaka iarifiwe, na mkuu wa kituo apewe habari saa ileile, kwa kuwa usalama wa mtu aliyefichuliwa hausubiri majibu ya barua. Nakala iliyosahihishwa isitangazwe kwa kutaja dakika na sekunde ya kosa. Tangazo la namna hiyo huwaonyesha wengine mahali pa kutafuta katika nakala za zamani.

Baada ya tukio lile, kituo husika kiliirekodi video upya kwa barua waliyoitunga wenyewe, yenye jina la kubuni na namba isiyotumika. Inafundisha mambo yaleyale. Kwa somo jipya, hiyo ndiyo njia tunayoitanguliza. Vifuniko tuviweke kwa rekodi ambazo haziwezi kurudiwa.

Maswali ya kujipima

1. Orodha ya malalamiko ina safu ya namba za simu, na mwanafunzi hana haja ya kuziona. Utatumia kifuniko kilichotulia au kinachotembea? Kwa nini?

2. Jina lenye kimo cha pikseli 30 liko kati ya pikseli 900 na 930. Ukurasa unapanda pikseli 360. Ukiacha ziada ya pikseli 10 kila upande, kisanduku cha wakati wa mwendo kitaanzia wapi na kitakuwa na kimo gani? (Jibu: kitaanzia 530, kimo 410.)

3. Mwenzako amefunika namba kwa vigae na ukurasa unasogea. Mweleze kwa maneno yako kwa nini mwendo huo unamsaidia mchunguzi.

4. Fungua video ya mwisho mliyosambaza katika kituo chenu. Isogeze fremu moja moja pale ukurasa unaposogea. Ukikuta jambo, usilitume kwenye kundi. Lete taarifa kwetu kwa mkono au kwa simu.